Kingamwili Zisizosubiri: Makundi ya Damu ya ABO na Rh

Chembe nyekundu ya damu imezungukwa, juu ya utando wake wa nje, na minyororo mifupi ya sukari. Karibu binadamu wote huanza na mnyororo mmoja wa aina moja, ambao wataalamu wameupa herufi H. Kinachowatofautisha watu ni kitu kidogo kinachoongezwa kwenye ncha ya mnyororo huo. Mwili wa mtu wa kundi A hubandika hapo sukari iitwayo asetilgalaktosamini, na mwili wa mtu wa kundi B hubandika galaktosi. Mwenye kundi AB hubandika zote mbili, ncha hii ikipata moja na ile ikipata nyingine. Mwenye kundi O habandiki chochote, kwa hiyo mnyororo wa H hubaki ulivyo. Tofauti yote kati ya A, B, AB na O, iliyowahi kugharimu maisha ya wagonjwa wengi kabla haijajulikana, iko kwenye ncha hiyo.

Kazi ya kubandika sukari hufanywa na kimeng'enya, na maelekezo ya kukitengeneza yamo katika jeni moja iliyoko kwenye kromosomu ya 9. Kimeng'enya cha A na kile cha B vinakaribia kufanana kabisa. Vinapishana kwa viungo vinne tu vya protini. Kwa kundi O, mara nyingi jeni ile imepoteza herufi moja, na upungufu huo mmoja unatosha kuharibu usomaji wa maelekezo yote yanayofuata, hivyo kimeng'enya kinachotoka hakifanyi kazi. Katika Afrika Mashariki kundi O ndilo lenye watu wengi kuliko mengine, likifikia karibu nusu ya wakazi katika jamii nyingi. A na B hufuata, na AB ni la wachache sana.

Kila mtu hurithi nakala mbili za jeni hiyo, moja kwa baba na moja kwa mama. Mwenye nakala ya A na ya O huonekana kipimoni kuwa wa kundi A, kwa kuwa O haina cha kuonyesha. Ndiyo maana baba wa kundi A na mama wa kundi B wanaweza kumzaa mtoto wa kundi O bila ajabu yoyote: kila mmoja alikuwa amebeba nakala ya O iliyojificha, na mtoto amezipata zote mbili. Jambo hili linafaa kusemwa waziwazi, kwa sababu wapo wanaosoma kadi za kliniki na kujenga juu yake tuhuma ambazo kadi hizo haziwezi kuzithibitisha.

Aliyegundua makundi haya ni Karl Landsteiner, daktari wa maabara huko Vienna, Austria. Mwaka 1900 na 1901 alichukua damu yake na ya wenzake kazini, akatenganisha chembe nyekundu na majimaji, kisha akachanganya majimaji ya kila mmoja na chembe za kila mwingine. Katika michanganyiko mingine hakuna kilichotokea. Katika mingine chembe zilishikamana na kufanya mabonge yaliyoonekana kwa macho. Kushikamana huko si kuganda kwa damu kama kunavyotokea kwenye kidonda. Ni chembe zenyewe kuunganishwa na kitu kilichomo ndani ya majimaji ya mtu mwingine. Landsteiner aliona kuwa matokeo hayakuwa ya kubahatisha bali yalifuata mpango, akawagawa watu katika makundi matatu. Kundi la nne, AB, lilipatikana mwaka 1902 kwa kazi ya wenzake Decastello na Sturli. Kwa ugunduzi huo Landsteiner alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1930.

Kitu kilichokuwa kwenye majimaji ni kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza ili kukamata vitu vigeni. Mpango alioukuta Landsteiner ni huu: mtu hubeba kingamwili dhidi ya sukari ambayo yeye mwenyewe hana. Wa kundi A ana kingamwili dhidi ya B. Wa kundi B ana dhidi ya A. Wa kundi O, asiye na sukari yoyote kati ya hizo mbili, ana kingamwili dhidi ya zote mbili. Wa AB hana dhidi ya yoyote, kwa kuwa mwili haupaswi kujishambulia.

Hapo ndipo penye jambo la kushangaza. Kwa kawaida kingamwili hutokea baada ya mtu kukutana na adui: mtoto huugua surua au huchanjwa, ndipo kingamwili za surua zinapotokea. Lakini watu waliopimwa na Landsteiner hawakuwa wamewahi kuongezewa damu ya kundi jingine. Mkulima wa kundi O ambaye hajawahi kulazwa hospitali maisha yake yote ana kingamwili kali dhidi ya damu ya A na ya B. Kwa sababu hazikuhitaji damu ngeni ili zitokee, zimeitwa kingamwili za asili. Ila jina hilo lisimfanye mtu afikiri kwamba huzaliwa nazo. Mtoto mchanga hana za kwake. Kiasi kidogo alicho nacho kimetoka kwa mama. Za kwake mwenyewe huanza kuonekana kati ya mwezi wa tatu na wa sita, huongezeka mwaka hadi mwaka, na hufikia kilele chake mtoto akiwa na umri wa kati ya miaka mitano na kumi.

Zinatoka wapi basi? Jibu limo tumboni. Bakteria wanaoishi katika utumbo nao wana minyororo ya sukari juu ya miili yao, na baadhi ya minyororo hiyo inafanana mno na ya A na B. Utumbo wa mtoto unapojaa bakteria katika miezi yake ya kwanza, mwili wake hukutana na sukari hizo. Mtoto wa kundi A akikutana na sukari iliyo kama ya A, mwili huitambua kuwa ni yake na kuiacha. Akikutana na iliyo kama ya B, huiona ngeni na kuitengenezea kingamwili. Georg Springer na wenzake walilionyesha hili mwaka 1959 kwa kutumia vifaranga. Vifaranga wa kawaida hupata kingamwili dhidi ya B ya binadamu wanapokua. Lakini waliolelewa katika vyumba visivyo na kijidudu hata kimoja hawakuzipata, na walipopewa bakteria wa utumbo wenye sukari inayofanana na B, kingamwili zilitokea. Kwa hiyo kile kinachomlinda mtu dhidi ya bakteria ndicho hichohicho kinachoikataa damu ya jirani yake.

Nyingi ya kingamwili hizi ni za aina iitwayo IgM. Kila moja ni kubwa na ina mikono kumi ya kushikia, kwa hiyo moja tu inaweza kushika chembe kadhaa kwa pamoja na kuzifunga bonge. Zaidi ya hapo, IgM ikishakaa juu ya chembe huamsha mfululizo wa protini nyingine za damu ambazo kwa pamoja huitwa komplimenti. Protini hizo huitana moja baada ya nyingine, na mwisho wa mfululizo hutoboa tundu kwenye utando wa chembe. Maji huingia, chembe hupasuka, na himoglobini iliyokuwa ndani humwagika kwenye mshipa.

Kwa mgonjwa aliyepewa damu isiyo yake, hayo yote hutokea ndani ya dakika chache. Anaweza kuhisi mshipa wenye sindano ukiwaka moto, kiuno au kifua kikibana, baridi kali ikimtetemesha na homa ikipanda. Wengi husema wanahisi kitu kibaya kinawajia hata kabla muuguzi hajaona dalili yoyote. Shinikizo la damu hushuka. Himoglobini iliyo huru hupita kwenye figo na kuufanya mkojo uwe mwekundu au wa kahawia iliyoiva, na figo zenyewe zinaweza kusimama. Wakati huohuo mabaki ya chembe zilizopasuka huchochea damu igande ovyo ndani ya mishipa midogo, hadi viganzishi vinaisha na mgonjwa kuanza kuvuja damu kwenye matundu ya sindano na kwenye kidonda. Mgonjwa aliye chini ya dawa za usingizi hawezi kusema kiuno kinamuuma. Kwake dalili ya kwanza inaweza kuwa shinikizo lililoshuka na kidonda kisichoacha kutoka damu. Kadiri damu isiyofaa inavyoingia zaidi ndivyo hatari inavyokua, lakini mililita 30, ambazo ni kama vijiko sita vya chai, zimewahi kutosha kuua.

Kundi la Rh ni jambo la namna nyingine. Hapa kinachotafutwa si sukari bali protini inayopita ndani ya utando wa chembe, iitwayo D. Mwenye nayo huitwa Rh chanya, na kwenye kadi huandikiwa alama ya kujumlisha. Asiye nayo ni Rh hasi. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya walio Rh hasi ni kama 15 kwa kila 100. Afrika Mashariki ni wachache zaidi, na uchache huo una gharama yake: mgonjwa wa O hasi katika hospitali ya mkoani anaweza kukuta friji ya damu haina hata mfuko mmoja unaomfaa.

Protini ya D haina mfano wake kwenye bakteria wa utumbo. Kwa sababu hiyo mtu wa Rh hasi hana kingamwili za asili dhidi yake. Akipewa damu ya Rh chanya kwa mara ya kwanza, kwa kawaida hakuna dalili yoyote, na chembe zile huishi muda wake. Lakini baada ya wiki au miezi mwili wake unaweza kuwa umejifunza kutengeneza kingamwili dhidi ya D, na safari hii ni za aina ya IgG, ndogo na zinazodumu. Mara ya pili zitakuwa tayari zinasubiri. Tofauti kati ya mifumo hii miwili iko hapo hasa: kwa ABO kosa la kwanza laweza kuwa la mwisho, na kwa Rh kosa la kwanza hupita kimya na kuacha deni.

Ilichukua muda deni hilo kutambuliwa. Mwaka 1939 Philip Levine na Rufus Stetson waliandika kuhusu mwanamke mmoja huko New York aliyejifungua mtoto mfu. Alikuwa wa kundi O, na kwa kuwa alihitaji damu, alipewa ya mumewe, ambaye naye alikuwa O. Kwa elimu ya wakati ule damu hizo zilifaana. Hata hivyo alipata baridi kali na maumivu ya miguu na kichwa, na mkojo wake ukawa mwekundu. Majimaji ya damu yake yalipojaribiwa na chembe za watu wengine ambao kwa ABO walimfaa, yalizishikamanisha chembe za watu 80 kati ya 104. Levine na Stetson walieleza kuwa mtoto alirithi kwa baba yake kitu ambacho mama hakuwa nacho, na kwamba damu ya mtoto ilimfundisha mama kukikataa. Mwaka 1940 Landsteiner, akiwa sasa Marekani, pamoja na Alexander Wiener, walichapisha kazi iliyotumia nyani aina ya resasi, na jina Rh likatokana na jina la nyani huyo.

Mama wa Rh hasi aliyebeba mimba ya mtoto wa Rh chanya hupita njia hiyohiyo. Wakati wa uzazi, na pia mimba inapotoka au mama anapopigwa tumboni, chembe za mtoto huweza kuingia kwenye damu ya mama. Mtoto wa kwanza mara nyingi huwa ameshazaliwa salama wakati kingamwili zinapotokea. Kwa mimba inayofuata, IgG huvuka kondo la nyuma kwa urahisi, jambo ambalo IgM haliwezi, na kuziharibu chembe za mtoto akiwa bado tumboni. Anazaliwa na upungufu wa damu na manjano kali inayoweza kuharibu ubongo, au hazaliwi hai.

Kinga yake ipo tangu mwaka 1968. Ni sindano ya kingamwili dhidi ya D zilizotoka kwa watu wengine, ambazo huziondoa chembe za mtoto kabla mwili wa mama haujazitambua. Dozi ya mikrogramu 300 inatosha kwa takriban mililita 30 za damu ya mtoto. Hutolewa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua ikiwa mtoto amepimwa na kukutwa Rh chanya, na pale inapowezekana hutolewa pia mimba ikiwa na wiki 28. Mama ambaye tayari ameshatengeneza kingamwili zake mwenyewe haimsaidii tena, ndiyo sababu kundi la damu hupimwa hudhurio la kwanza la kliniki na si siku ya uchungu. Wazo la sindano hii lilianzia kwenye kingamwili za asili. Levine alikuwa ameona kwamba mama wa Rh hasi aliye kundi O, mwenye mtoto wa kundi A au B, hupata tatizo la Rh mara chache kuliko wengine. Kingamwili zake za ABO zilikuwa zikizivunja chembe za mtoto zilizoingia kwake kabla ya protini ya D kuonekana na walinzi wa mwili.

Sasa achukuliwe mgonjwa mmoja wa mfano, ili ionekane namna damu inavyolinganishwa. Ni mwanamke wa miaka 24, amejifungua katika hospitali ya wilaya na ametoka damu nyingi. Himoglobini yake ni gramu 5 kwa desilita. Daktari anaagiza mifuko miwili. Muuguzi anachukua sampuli kwenye chupa ndogo, na palepale kitandani, kabla hajapiga hatua, anaandika juu yake majina kamili ya mgonjwa, namba ya jalada, tarehe na saa.

Maabara hutenganisha chembe na majimaji, kisha hupima kwa njia mbili. Ya kwanza huuliza chembe zina nini. Tone la chembe za mgonjwa huchanganywa na kingamwili inayojulikana: chupa yenye rangi ya buluu ni dhidi ya A, ya njano ni dhidi ya B, na isiyo na rangi ni dhidi ya D. Kwa mgonjwa huyu tone la buluu linabaki laini, la njano linafanya mabonge, na la D linafanya mabonge. Chembe zake zina B na D. Njia ya pili huuliza kinyume chake, kwamba majimaji yana nini. Majimaji ya mgonjwa huchanganywa na chembe zinazojulikana kuwa A, na nyingine zinazojulikana kuwa B. Ya A inashikamana, ya B haishikamani: ana kingamwili dhidi ya A pekee, kama inavyompasa mtu wa kundi B. Majibu mawili yamekubaliana, na ni B chanya.

Kukubaliana huku ndiko kunakofanya kipimo cha ABO kuwa na uthabiti ambao vipimo vingi vya maabara havina. Kingamwili za asili, ambazo ni hatari kitandani, maabara huwa ndizo shahidi wa pili. Zikipingana na chembe, mtaalamu hatoi jibu hadi ajue sababu. Mtoto wa chini ya miezi minne hana za kwake, kwa hiyo kwake njia ya pili haitumiki. Mzee sana anaweza kuwa nazo hafifu. Mgonjwa aliyeongezewa damu ya O juzi anaweza kuonyesha mchanganyiko wa chembe za aina mbili kwenye tone moja. Wapo pia, wachache mno, wenye hali iliyoelezwa kwanza Mumbai mwaka 1952, ambao hawana hata ule mnyororo wa H. Chembe zao huonekana kama za O, lakini majimaji yao huishikamanisha hata damu ya O, na damu pekee inayowafaa ni ya mtu mwenye hali kama yao. Anayepima chembe tu na kuacha majimaji hatawatambua.

Baada ya kundi kujulikana huja ulinganishaji wenyewe, unaofanywa kati ya mgonjwa huyu na mfuko huu. Mfuko wa B chanya hutolewa kwenye friji, ambako damu hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 6 za Selsiasi, na chembe kidogo huchukuliwa kutoka kwenye kipande cha mrija wake kilichofungwa. Matone mawili ya majimaji ya mgonjwa huwekwa kwenye neli pamoja na tone moja la chembe za mfuko zilizooshwa na kuchanganywa na maji ya chumvi. Neli huzungushwa kwenye mashine na kutazamwa. Ikiwa ABO haikubaliani, mabonge huonekana hapohapo, kwa kuwa IgM haihitaji kusubiriwa.

Kingamwili za IgG, kama zile dhidi ya D, ni fupi mno kuziunganisha chembe mbili. Huweza kukaa juu ya chembe bila dalili yoyote ya kuonekana. Kwa hiyo neli huwekwa kwenye joto la nyuzi 37 kwa nusu saa au zaidi, huoshwa mara tatu ili kuondoa protini zilizo huru, kisha huongezwa seramu ya Kumbzi, iliyoanza kutumika mwaka 1945. Seramu hiyo ina kingamwili zinazozishika kingamwili za binadamu, na hufanya daraja kati ya chembe moja na nyingine. Neli ikibaki laini hata baada ya hapo, damu inafaa. Hata huo ulaini huthibitishwa: huongezwa chembe ambazo kwa makusudi zimeshapakwa IgG, na sasa lazima zishikamane. Zisiposhikamana, basi kuosha hakukuwa kuzuri na kipimo kizima hurudiwa. Yote haya huchukua takriban saa moja. Mgonjwa anayevuja damu hawezi kusubiri kila mara, na hapo daktari na maabara hukubaliana kutoa damu ya kundi lake kwa kipimo cha haraka cha ABO, huku kile kirefu kikiendelea.

Wengi wamesikia kuwa mwenye O humpa kila mtu. Kauli hiyo ni kweli kwa chembe peke yake, zilizotengwa na majimaji, maana hazina sukari ya A wala B ya kushambuliwa. Lakini hospitali nyingi za Afrika Mashariki bado hutoa damu nzima. Mfuko wa damu nzima una takriban mililita 450 za damu ya mchangiaji, na karibu nusu yake ni majimaji yaliyobeba kingamwili dhidi ya A na B. Kwa mtu mzima wa kundi A majimaji hayo huchanganyika katika damu nyingi na mara nyingi hupoteza makali. Kwa mtoto mdogo mwenye malaria kali, ambaye damu yake yote ni kidogo, au ikiwa mchangiaji ana kingamwili kali kupita kiasi, zinaweza kuvunja chembe za mgonjwa mwenyewe. Ndiyo maana damu nzima hupaswa kuwa ya kundi lilelile. Kwa majimaji yaliyotengwa mambo hugeuka kabisa: mwenye AB ndiye huwafaa wote, na mwenye O huwafaa wa O tu.

Kwa upande wa Rh, mwenye Rh hasi hupewa hasi, na mwenye chanya anaweza kupewa yoyote. Lakini mwanamume wa Rh hasi anayekufa kwa kuvuja damu, ikiwa hana kingamwili dhidi ya D na friji ina O chanya tu, hupewa hiyo, kwa sababu deni la baadaye ni afadhali kuliko kifo cha sasa. Kwa msichana au mwanamke ambaye bado atazaa, uamuzi huo ni mgumu zaidi na hukwepwa kwa kila namna inayowezekana.

Kwa maelezo haya mtu angedhani kwamba damu isiyofaa humfikia mgonjwa kwa sababu maabara imesoma vibaya mabonge. Hutokea, ila mara nyingi zaidi sababu ni ya karatasi. Yule mwanamke wa B amelala jirani na mwenzake wa kundi A, na majina yao mawili ya kwanza yanafanana. Muuguzi amechukua damu ya wote wawili, akaenda mezani, akaandika chupa zote kwa pamoja, na zikapishana. Maabara itapokea chupa yenye jina la mgonjwa wa B, itakuta A, italinganisha na mfuko wa A, na kila neli itabaki laini kama inavyotakiwa. Kipimo kimekuwa sahihi kabisa kwa damu iliyomo kwenye chupa. Hakuna seramu iwezayo kujua kwamba chupa hiyo si ya mtu huyo. Kinachoweza kulinasa kosa ni kumbukumbu: kadi ya kliniki inayosema B, au sampuli ya pili iliyochukuliwa wakati mwingine na mtu mwingine. Maabara inayotofautiana na kadi hiyo ina haki, na wajibu, wa kukataa kutoa damu hadi sampuli mpya ichukuliwe, hata kama ndugu wamesimama mlangoni wakilalamika kucheleweshwa.

Kizuizi cha mwisho kiko kitandani. Watu wawili husoma kwa sauti jina na namba ya jalada kwenye mfuko, kwenye fomu na kwenye utepe wa mkononi, na mgonjwa anayejiweza huulizwa, "Unaitwa nani?" Haulizwi, "Wewe ni fulani?" kwa kuwa aliyechoka huitikia jina lolote. Joto, mapigo ya moyo na shinikizo huandikwa. Damu huanza polepole, na muuguzi hukaa naye dakika 15 za mwanzo, kwa sababu ni katika dakika hizo kingamwili za ABO hujitokeza. Mfuko wote uishe ndani ya saa nne tangu kutoka kwenye friji, kwani damu iliyokaa kwenye joto huwa shamba la bakteria.

Mgonjwa akianza kutetemeka au kulalamika kiuno, damu hufungwa mara moja. Sindano haichomolewi kwenye mshipa. Mrija wa damu hubadilishwa kwa mpya na maji ya chumvi huendelea kuingia, ili mshipa ubaki wazi na figo zisaidiwe. Majina husomwa upya. Mfuko pamoja na mrija wake hurudishwa maabara hata kama umebakiwa na damu kidogo, ukiambatana na sampuli mpya ya mgonjwa na mkojo wake wa kwanza. Maabara huzungusha sampuli hiyo na kutazama majimaji yaliyoelea juu: yakiwa na rangi ya njano hafifu, huenda ni homa ya kawaida ya kuongezewa damu; yakiwa ya waridi au mekundu, chembe zinapasuka. Kisha makundi hupimwa tena kwenye sampuli ya zamani, kwenye mpya na kwenye mfuko. Ikiwa chupa mbili zilipishana, basi yuko mgonjwa mwingine wodini ambaye wakati huo huenda anawekewa damu ya huyu, na anayetakiwa kukimbiliwa kwanza ni huyo.